Pawa saplai ya ‘500W’: Soma lebo hivi kabla hujatuma hela

Uko Ulemo, wilayani Iramba, unataka kuunga kompyuta ya mezani ya bei nafuu kwa ajili ya stesheneri. Vifaa unaagiza Singida Mjini au Kariakoo, vinakuja na basi. Muuzaji anakwambia: “Bosi, pawa saplai hii ni 500W kamili, tena ya bei poa.” Ukishatuma hela na mzigo ukishafika, kuurudisha ni nauli nyingine na malumbano.

Dawa ni moja. Kabla ya kulipa, mwambie akutumie picha ya lebo iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai. Usikubali picha ya boksi, wala maandishi makubwa yaliyochapwa mbele. Unataka ile lebo yenye jedwali la namba, kwa sababu ukweli wote uko humo.

Namba ya kuangalia kwanza ni +12V

Pawa saplai inapokea umeme wa Tanesco wa volti 230 na kuugawa kwenye njia kadhaa ndogo. Kwenye lebo utaona +3.3V, +5V, +12V, -12V na +5VSB. Chini ya kila moja kuna namba yenye herufi A, yaani ampea.

Kwenye kompyuta za siku hizi, prosesa, kadi ya picha na feni vyote vinakula kutoka njia ya +12V. Njia za 3.3 na 5 zinabaki na kazi ndogo ndogo, kama SSD na vifaa vya USB. Kwa hiyo swali la maana ni hili: njia ya +12V inatoa wati ngapi?

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati.

Tuchukue lebo ya mfano, ya aina unayoweza kukutana nayo kwenye pawa saplai za bei ya chini. Juu imeandikwa 500W. Ndani ya jedwali: +3.3V 20A, +5V 25A, +12V 18A, -12V 0.5A, +5VSB 2A.

Anza na +12V. 12 mara 18 ni wati 216. Basi. Hiyo “500W” ina wati 216 tu mahali zinapohitajika.

Sasa jumlisha njia zote. 66, ongeza 125, ongeza 216, ongeza 6, ongeza 10. Unapata 423. Kumbe hata ukikusanya kila kitu, 500 haifiki. Lebo imejikana yenyewe, na wewe hujashika hata bisibisi.

Linganisha na lebo nyingine iliyoandikwa 450W, yenye +12V 36A. 12 mara 36 ni wati 432. Hii ina namba ndogo juu, lakini ina nguvu mara mbili ya ile ya kwanza.

Kanuni ya haraka: wati za +12V zikifika asilimia 80 au zaidi ya namba kubwa ya juu, lebo inaeleweka. Zikiwa chini ya asilimia 70, achana nayo.

Angalizo moja. Lebo nyingine zina +12V1 na +12V2. Usizijumlishe tu ampea zake. Tafuta mstari unaotaja kikomo cha pamoja cha njia hizo, ndio wa kufuata. Na ukiona neno “Peak” pembeni ya wati, hiyo ni nguvu ya muda mfupi sana, siyo ya kufanyia kazi kutwa.

Kompyuta yako inahitaji wati ngapi?

Tuseme unaunga mashine ya kuchapa, kusafisha picha za pasipoti na kuhariri video za harusi. Umechagua prosesa ya Ryzen 5 5600G. Imeandikwa wati 65, lakini ikibanwa na kazi inaruhusiwa kuvuta hadi 88. Hesabu 88.

Umeongeza kadi ya picha ya GTX 1650 isiyo na waya wa ziada wa umeme. Hiyo ni wati 75. Mazabodi, RAM, SSD, diski kubwa na feni, vitengee wati 40.

Jumla ni wati 203, na karibu wati 190 kati ya hizo zinatoka kwenye +12V. Ukirudi kwenye ile “500W” yenye 216, utaona inakimbizwa hadi pumzi ya mwisho kila ukihariri video. Ile ya 450W inafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake, haichoki.

Kwa hiyo kwa mashine ya aina hii, pawa saplai ya kweli ya wati 400 hadi 450 inatosha na kubaki. Huna haja ya kutafuta 650W. Na kama huweki kadi ya picha kabisa, maana 5600G ina picha zake ndani, hata ya kweli ya wati 300 inabeba.

Je, pawa saplai kubwa inamaliza LUKU?

Hapa wengi wanachanganya. Pawa saplai ya 450W haivuti wati 450 muda wote. Inavuta kile ambacho kompyuta inaomba, pamoja na kile kinachopotea njiani kama joto. Hicho kinachopotea ndicho kinachopimwa na alama ya 80 PLUS.

Alama hiyo ilianza mwaka 2004. Ngazi ya msingi ilidai kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia ifike kwenye vifaa, mashine ikiwa na mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Baadaye zikaja ngazi za juu: Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium. Kwenye jaribio la volti 230, linaloandikwa 230V EU, Bronze inatakiwa kufikisha asilimia 85 kwa mzigo mdogo na 88 kwa mzigo wa nusu. Gold ni 90 na 92.

Tuzigeuze ziwe shilingi. Chukua kompyuta inayotumia wati 100, saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Uniti moja tuiweke Sh350. Wewe weka bei unayonunulia.

Pawa saplai isiyo na alama, yenye ufanisi wa asilimia 70, itavuta wati 143 ukutani. Bronze itavuta 118. Tofauti ni wati 25, ambazo kwa mwezi ni uniti 5.2, sawa na Sh1,820. Kwa mwaka inakaribia Sh22,000.

Ukitoka Bronze kwenda Gold, unashuka kutoka wati 118 hadi 111. Hiyo ni uniti moja na nusu hivi kwa mwezi, kama Sh500. Kwa mwaka ni Sh6,000.

Maana yake ni kwamba kuhama kutoka isiyo na alama kwenda Bronze kuna faida utakayoiona. Kuhama kutoka Bronze kwenda Gold, kwa mashine ndogo kama hii, kunarudisha hela taratibu sana. Muuzaji akikuongezea Sh60,000 kwa ajili ya Gold, itakuchukua miaka kumi kuirudisha kwenye LUKU. Hela hiyo ongezea RAM.

Hesabu inabadilika kidogo kama unatumia sola na inveta, kwa sababu wati 25 zinazopotea zinatoka kwenye betri uliyoinunua kwa shida. Hapo usishuke chini ya Bronze.

Alama feki na mipaka yake

Alama halisi ni nembo yenye “80 PLUS” pamoja na ngazi yake. Ukiona “80+ efficiency”, “85%” au “High efficiency” bila nembo, hayo ni maneno ya mchapaji tu. Mpango wa 80 PLUS una orodha ya modeli zilizopimwa mtandaoni. Andika namba ya modeli iliyo kwenye lebo, siyo jina la kampuni peke yake, uone kama ipo.

Pia jua kwamba 80 PLUS inapima upotevu wa umeme. Haithibitishi kwamba ndani kuna ulinzi wa shoti. Ndiyo maana tulianza na +12V, alama ikaja baadaye.

Usisahau mstari wa “Input”

Mstari huu unaonyesha umeme unaoingia. Kuna pawa saplai zimeandikwa 200-240V na nyingine 100-240V. Kama nyumba yako iko mwisho wa laini, mbali na transfoma, jioni watu wote wakiwasha umeme unaweza kushuka chini ya volti 200. Ile ya 200-240V inaweza kuzima au kuirestati kompyuta. Ya 100-240V inavumilia.

Kwenye pawa saplai za zamani kuna swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa 115 na ukachomeka umeme wetu, utasikia mlipuko na biashara imeisha.

Utajuaje kama uliyonayo inazidiwa?

Dalili kubwa ni kompyuta kujirestati ghafla wakati wa kazi nzito tu, kama kuhariri video, huku ikichapa barua ipo sawa. Mwombe fundi mwenye multimita apime waya wa njano na mweusi kwenye plagi ya pini nne, kompyuta ikiwa kazini. Inatakiwa isome kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya 11.4 mzigo unapopanda, tatizo ni pawa saplai. Usiifungue mwenyewe: kapasita zake zinabaki na umeme hatari hata baada ya kuchomoa.

Picha ya lebo ikifika, fuata hatua hizi

1. Zidisha 12 kwa ampea za +12V. Je, inafika asilimia 80 ya namba kubwa?
2. Linganisha jibu na mahitaji ya vifaa vyako. Lizidi angalau kwa nusu yake.
3. Tafuta nembo ya 80 PLUS, kisha hakiki modeli.
4. Soma mstari wa “Input”.

Muuzaji akikataa kutuma picha ya lebo, usitume hela. Tafuta duka lingine.