Ba be bi bo bu ao neno nzima? Ugomvi wa zamani wa kufundisha kusoma, na namna ulitufikia sisi wa Manono

Kila mwaka masomo ikianza, wazazi wa hapa Manono wanarudilia mabishano yale yale. Mwalimu mmoja wa kalasi ya kwanza anaimbisha batoto silabi asubuhi mpaka saa sita. Mwingine anaandika sentensi nzima ku ubao, batoto wanaifuata kwa mdomo, na kiisha wiki mbili wanaisoma bila kukosa. Watu wengi wanafikiri hiyo ni tabia ya mwalimu tu. Kumbe ni ugomvi uliopita miaka mia moja, na ulianzia mbali na sisi, mu lugha za wengine.

Njia ya silabi ndiyo wazee wetu walipata kwa mapadri. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kule kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na masomo ya misioni ikaendelea kuenea mu inchi yetu. Muulize mzee yeyote aliyesoma wakati wa Wabelgiji, atakuimbia ba, be, bi, bo, bu bila kupumua. Mtoto anashika vokali tano, anaongeza konsonanti moja moja, kiisha anaunga: ba na ba ni baba, ma na ma ni mama. Kwa Kiswahili njia hiyo inaenda vizuri sana, sababu herufi a inabaki a popote inapokaa, na silabi karibu zote zinaishia kwa vokali. Mtoto akishika konsonanti zake, pamoja na zile za kuunganika kama ch, sh, ny na mw, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona.

Sasa, ku Ubelgiji kwenyewe mambo yalikuwa yanageuka. Munganga mmoja, Ovide Decroly, alikuwa anashugulikia batoto wenye shida ya akili, na mwaka 1907 akafungua masomo ya batoto wa kawaida Brisele. Aliona kwamba mtoto anatambua kitu kizima mbele ya kutambua vipande vyake. Anamjua mbwa mbele ya kujua miguu na masikio yake. Basi Decroly akaanza na sentensi nzima inayotoka mu maisha ya mtoto, na vipande vikaja nyuma. Kifaransa kinaita hiyo njia ya jumla. Decroly alikufa mwaka 1932, lakini programu ya masomo ya primeri ya Ubelgiji ya mwaka 1936 ilichukua mengi kwake.

Mbona mtu mwenye akili vile aliacha silabi? Tuangalie lugha yake. Mu Kifaransa, neno «eau», maji, liko na herufi tatu na sauti moja tu, o, ambayo hata haimo mu zile herufi. Mtoto akiunga e, a, u, hapati maji hata siku moja. Kingereza ni kibaya zaidi. Kwa lugha za namna ile, kushika neno nzima kwa macho kunaonekana ni njia fupi.

Lakini ile njia fupi ilikuwa na shimo. Ku Amerika, mwaka 1967, mwalimu Kenneth Goodman aliandika kwamba kusoma ni mchezo wa kubahatisha: msomaji anatumia maana na muundo wa sentensi, herufi anaziangalia kidogo tu. Mwaka 1987 jimbo la Kalifonia likafuata mawazo ya namna ile mu mwongozo wake. Miaka kidogo nyuma, matokeo ya kusoma yalikuwa mabaya, na mwaka 1995 kamati ya jimbo lenyewe ikaomba njia ya usawa: sauti na herufi zifundishwe wazi, kwa mpango, na hadithi na maana zibaki. Mwaka 2000 kamati ya taifa zima ilipima utafiti mwingi na ikasema kufundisha sauti kwa mpango kunasaidia zaidi. Usawa, basi, ulikuja kwanza kama mapatano kiisha vita.

Lakini tusichukue mapatano yao kama mbegu ya inchi ingine na kuipanda hapa bila kupima udongo. Kwetu silabi haishindwi kazi yake. Inaifanya vizuri kupita, na ugonjwa unajificha nyuma yake. Mtoto wa Manono anaongea Kiluba ku nyumba, Kiswahili ku soko, na Kifaransa anakikuta ku kalasi. Mupe mstari, atatamka yote mpaka mwisho. Muulize imesema nini, ananyamaza. Na anakua hivyo. Sisi tuliosoma kilimo tunaikuta ku mashamba: mbegu ya mahindi imepakwa dawa nyekundu, ku mufuko kuna maandishi ya Kifaransa ya kukataza kuila, mkulima anayasoma kwa sauti nzuri kabisa, kiisha anauliza kama mtu anaweza kuiosha na kuitwanga unga.

Kuna magonjwa mawili, na kila moja liko na kipimo chake. Kwa mtoto aliyekariri, andika neno lisilo na maana, kama lofiba ao temusa. Anayejua silabi atalisoma. Aliyeshika sura ya ukurasa atatazama picha, ao atataja neno lingine linalofanana. Kwa mtoto anayetamka bure, mupe hadithi fupi, halafu funga buku na umuulize maulizo tano, moja likiwa la kufikiri: mbona Kabila alirudi ku mto? Mitihani ya kusoma inayofanywa mu Afrika inatumia vyote viwili, na kuna batoto wanaanguka ku kimoja tu. Mwalimu akijua ni kipi, anajua mahali pa kuongeza wakati.

Kenya walichukua njia hiyo ya pande mbili mwaka 2015, mu programu ya Tusome: silabi kwa Kiswahili, sauti za herufi kwa Kingereza, kiisha hadithi na maulizo mu somo lile lile, kitabu kimoja kwa kila mtoto. Kwetu, programu ya mwaka 1962 ilikuwa imeweka Kifaransa toka kalasi ya kwanza. Sheria ya Februari 2014 ndiyo inataja lugha za taifa na lugha za mahali kama lugha za kufundishia.

Ila hata Kiswahili kina mtego wake hapa. Kitabu kinaandika «mtu», «watoto». Mtoto wetu anasema mutu, batoto. Anaunga m na tu, anapata kitu ambacho mama yake hajawahi kusema, anafikiri amekosea. Mwalimu mzuri haachi silabi sababu ya ile. Anaandika yote mawili ku ubao, mutu na mtu, anasema moja ni ya mdomo, ingine ni ya kitabu, na anaendelea. Dakika mbili zinatosha. Asipofanya vile, mtoto anaanza kubahatisha, kama batoto wa Kalifonia.

Na siku Kifaransa kinafika, mizani inabadilika. Mwalimu anapaswa kusema wazi kwamba o inaweza kuandikwa o, au, ao «eau», na kuyaweka maneno ya namna moja pamoja mu orodha moja. Maneno machache yanayorudi sana na hayafuati kanuni, kama «est» na «femme», yashikwe kwa macho, kama Decroly alivyotaka. Lakini kila neno liingie kwanza ku sikio na ku mdomo, kwa kuongea, mbele ya kufika ku ubao.