Dhamana ya Kikundi au Dhima ya Pamoja?

“Mkopo bila dhamana” ni maneno yanayosomeka kwenye matangazo mengi ya mikopo midogo. Anayeyaandika anataka kusema kwamba mkopaji hatadaiwa hati ya nyumba, kadi ya pikipiki wala friji. Lakini mama anayeitikia tangazo hilo huambiwa aje na wenzake wanne, na siku ya kutia saini anasaini kwa ajili ya mkopo wake na kwa ajili ya mikopo ya hao wanne. Dhamana ipo, tena nzito. Kisichokuwepo ni rehani.

Kiswahili kina maneno matatu hapa, na kila moja lina kazi yake. Rehani ni mali inayowekwa mikononi mwa mkopeshaji, au inayoandikwa kwa jina lake, mpaka deni liishe. Dhamana ni neno pana zaidi: hati iliyoko benki huitwa dhamana, na ndugu anayekwenda mahakamani kumtoa mshtakiwa naye amekwenda kumwekea dhamana. Dhima ni wajibu wenyewe, ule mzigo wa kulipa unaobaki shingoni mwa mtu. Katika mikopo ya kikundi watu ndio dhamana, na kinachowabana ni dhima. Ndiyo maana “dhamana ya kikundi”, istilahi iliyozoeleka, inaeleza nusu tu ya jambo. Inamwambia mkopaji kwamba kikundi kitamsimamia. Haimwambii kwamba yeye naye atadaiwa.

Muundo huu ulienea duniani kutoka Bangladesh. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra karibu na Chittagong, mwalimu wa uchumi Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 jumla ya taka 856, kama dola 27, fedha za mfukoni mwake. Alipokwenda benki kuomba iendeleze kazi hiyo, aliambiwa maskini hawana cha kuweka rehani. Akakubali kuwa mdhamini wao yeye mwenyewe. Mtu mmoja hawezi kudhamini maelfu, kwa hiyo kazi iliyokuja kuwa Grameen Bank, iliyopata hadhi ya benki mwaka 1983, iliwapanga wakopaji katika vikundi vya watu watano waliochaguana wenyewe. Wawili walikopa kwanza. Wakilipa vizuri kwa wiki kadhaa, wawili wengine walifuata, na mwenyekiti akawa wa mwisho. Kenya iliupokea muundo huo kupitia mpango wa Juhudi wa shirika la K-Rep, ambako vikundi viliitwa “watano”, na Tanzania kupitia PRIDE katika miaka ya 1990.

Nguvu ya mpango huu iko katika ujuzi. Afisa mikopo hajui nani mlevi, nani ana duka linalouza kweli na nani amekopa kwingine. Majirani wanajua. Wakiambiwa wachague watu wanne ambao wako tayari kuwalipia madeni, watawaacha nje wale ambao benki isingewatambua. Uchujaji huo, pamoja na jicho wanalowekeana baadaye, ndio unaochukua nafasi ya hati ya nyumba.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanawake watano wa soko moja wanakopa shilingi 500,000 kila mmoja, kwa wiki 20, na riba ya asilimia 10 kwa muda wote. Kila mmoja atarudisha 550,000, yaani rejesho la 27,500 kwa wiki, na kikundi kitapeleka 137,500. Siku ya marejesho muuza mboga hana kitu, kwa sababu mzigo wake wa nyanya umeoza njiani. Wanne waliobaki wanachangia 6,875 kila mmoja. Inauma, lakini wanaweza, na kwa kawaida wanalipa huku wakimwambia dada yao, “Wiki ijayo uturudishie.”

Wakikosa wawili, watatu waliobaki wanaongeza 18,333 kila mmoja. Wakikosa watatu, wawili wanabaki na pengo la 82,500, na kila mmoja anatakiwa kutoa 68,750, mara mbili na nusu ya rejesho lake. Hapa hesabu inageuka. Mama lishe mwenye 27,500 mkononi, ambaye angelipa deni lake bila shida, anajua kwamba akilipa sehemu yake tu bado atahesabiwa mdaiwa pamoja na wenzake. Mkopo unaofuata hataupata. Kwa nini basi atoe hata hiyo? Wachumi Timothy Besley na Stephen Coate walilieleza jambo hili mwaka 1995: dhima ya pamoja inaweza kumfanya asiyelipa alipe, na inaweza pia kumfanya anayelipa aache.

Na hao watatu hawakosi kwa bahati tu. Watu wa soko moja hupata hasara kwa pamoja: soko likiungua, mafuriko yakikata barabara, machinga wakihamishwa, wote watano wamepigwa siku ileile. Udhamini huu unabeba vizuri msiba wa mtu mmoja. Msiba wa wote hauubebi, na kikundi cha wauza nyanya watupu ni dhaifu kuliko kile chenye fundi cherehani na mfuga kuku ndani yake.

Kuna uharibifu mwingine unaoanza kimyakimya, nao ni kukopa kwa jina la mwenzako. Mwanachama mwenye biashara kubwa anawaomba wawili wachukue mikopo yao na kumpa yeye. Kwenye daftari kuna wakopaji watano, lakini mzigo umelala kwa mmoja. Afisa makini hulitambua jambo hili mapema: marejesho ya watu watatu yanaletwa na mkono mmoja, na mkopaji akiulizwa mtaji wake umenunua nini, anamtazama mwenzake kabla ya kujibu.

Kinachonitia uchungu zaidi ni nyumba kuingiliwa. Rejesho likikosekana, wanakikundi huenda kwa mwenzao na kubeba runinga, kochi na magodoro, watoto wakitazama. Taasisi inapata fedha zake bila kumtuma mtu wake mlangoni, na undugu wa mtaa ndio unaovunjika. Aliyeambiwa hakuna rehani, magodoro yake yamekuwa rehani bila kuandikwa popote.

Si lazima iwe hivyo. Grameen yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibadili taratibu zake, na inasema wazi kwamba mwanachama halazimiki kulipa deni la mwenzake. Nchini Ufilipino, Xavier Giné na Dean Karlan walishirikiana na benki moja kuondoa dhima ya pamoja katika baadhi ya vituo vya mikopo huku mikutano ya kila wiki ikibaki palepale. Ulipaji haukuporomoka. Inaonekana mkutano, ratiba na tumaini la mkopo ujao vilikuwa vikifanya kazi kubwa kuliko tisho la kulipishwa.

Kwa istilahi, basi, “mkopo wa kikundi” hautoshi. Mikopo ya halmashauri za Tanzania, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nayo kwa kawaida ni ya kikundi, lakini kikundi chenyewe ndicho mkopaji. Mikopo ninayoieleza hapa mkopaji wake ni mtu mmojammoja. Kwa mazungumzo, ningeiita mikopo ya kudhaminiana, kwa kuwa kitenzi hicho kinabeba pande zote mbili: ninakudhamini, nawe unanidhamini. Katika mkataba, paandikwe “dhima ya pamoja na ya kila mmoja”, na chini yake sentensi ya kawaida inayotaja kiasi cha juu kabisa ambacho mwanachama anaweza kudaiwa kwa ajili ya wenzake. Katika mfano wetu, bila ukomo, kiasi hicho ni shilingi 2,200,000 juu ya deni lake mwenyewe.