Kiima Hakikai Katikati: Mahali pa Amba- na pa Kirejeshi cha Ndani ya Kitenzi

Darasani wanafunzi huambiwa kwamba amba- na kirejeshi kinachochopekwa ndani ya kitenzi ni njia mbili za kusema jambo moja, na kwamba kuchagua kati yake ni suala la mtindo tu. Baadhi ya wahariri wamekwenda mbali zaidi: amba- wanaiona nzito, wanaifuta kila wanapoikuta. Makala hii inapinga madai yote mawili. Maumbo haya hayalingani, na tofauti yake haionekani vizuri katika kitenzi chenyewe. Inaonekana katika mahali kiima kinapoweza kusimama.

Chukua sentensi ya aina inayosikika Mponde, katika milima ya Usambara, majani mabichi ya chai yanapopimwa:

(1) Majani wakulima waliyoleta jana yamenyauka.

Msikilizaji anaelewa, lakini sentensi imeteguka. Watu wengi wakisikia kosa kama hili huko milimani hukimbilia kulaumu Kisambaa. Lawama hiyo haina haja, kwa sababu kosa linaelezeka ndani ya Kiswahili chenyewe. Tazama maumbo matatu yanayokubalika:

(2) Majani waliyoleta wakulima jana yamenyauka.
(3) Majani ambayo wakulima waliyaleta jana yamenyauka.
(4) Majani ambayo waliyaleta wakulima jana yamenyauka.

Amba- inaruhusu kiima kitangulie kitenzi, kama katika (3), au kikifuate, kama katika (4), ingawa (3) ndiyo ya kawaida. Kirejeshi cha ndani kinaruhusu njia moja tu: kiima kikae nyuma ya kitenzi. Anayesema (1) amechukua mpangilio wa (3) na kuuvika kitenzi cha (2). Kama maumbo haya yangekuwa sawa kweli, mchanganyiko huo usingedhuru. Unadhuru kwa sababu uhuru wa moja haupo katika jingine.

Kwamba kiima huhamia nyuma si habari mpya. Vitale (1981) na Keach (1985) wamelishughulikia suala hilo, na sarufi za maelezo tangu ya Ashton (1944) zinayatenga maumbo haya mawili. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na namna matokeo ya kazi hizo yalivyoachwa nje ya mafunzo: mwanafunzi anafundishwa aandike -yo- au -cho- baada ya -li-, -na- na -taka-, anapatiwa jedwali la ngeli, kisha anaachwa ajipangie maneno mengine anavyotaka.

Sababu ya zuio hili naiona katika kazi ya mofimu yenyewe. Katika (2), -yo- ndiyo inayofunga kishazi kwenye nomino. Kwa hiyo kitenzi kinachoibeba hakina budi kufika mapema, mara tu baada ya nomino na vivumishi vyake. Tunasema bila taabu *majani yale mabichi waliyoleta wakulima*, kwa kuwa *yale* na *mabichi* ni mali ya nomino hiyo hiyo. *Wakulima* si mali yake. Wakiingia hapo wanakata kifungo. Katika (3), kazi ya kufunga imekwisha kufanywa na *ambayo*, na kitenzi kikabaki huru kupangwa kama katika sentensi yoyote. Jaribio moja linaunga mkono maelezo haya. Mtu anaweza kusema *Wakulima, majani waliyoleta jana yamenyauka*, kiima kikitajwa kwanza kama mada kisha pumziko dogo. Kumbe kiima si lazima kije mwisho. Kinachokatazwa ni kukaa kati ya nomino na kitenzi chake cha rejeshi.

Jambo hili lina uzito nje ya darasa pia. Fikiria taarifa ya mgogoro wa mikopo yenye maneno haya:

(5) Huyu ndiye mkulima aliyemkopesha mnunuzi.

Nani alitoa fedha? Kwa kuwa kiima cha kirejeshi cha ndani hukaa nyuma, *mnunuzi* anaweza kuwa mkopeshaji au mkopeshwaji. Viambishi a- na -m- havisaidii, maana wote wawili ni watu wa ngeli moja. Badili mnunuzi uweke chama, na utata unatoweka papo hapo: *mkulima aliyekikopesha chama* ndiye aliyetoa fedha, na *mkulima kiliyemkopesha chama* ndiye aliyepokea. Ngeli zikitofautiana, upatanisho unatosha. Zikifanana, dawa ni amba- pamoja na kiima mbele: *mkulima ambaye mnunuzi alimkopesha*. Hapo mhariri aliyefuta amba- kwa kuiona nzito atakuwa amefuta taarifa ya nani anamdai nani.

Njeo nazo zinadai amba-. Kirejeshi cha ndani hakiingii penye -me-, hu-, -nge- wala penye ukanushi wa ha-, hakuna *kimechofungwa*. Kiwanda cha chai cha Mponde kilisimama mwaka 2013 kutokana na mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji. Aliyeandika miezi michache baadaye *kiwanda ambacho kimefungwa* alisema kwamba milango ilikuwa bado imefungwa. Akilazimishwa kuandika *kiwanda kilichofungwa*, msomaji anaweza kuelewa hali inayoendelea, au tukio lililopita la kiwanda ambacho huenda kimekwisha funguliwa. Umbo la -li- linabeba maana zote mbili.

Kosa jingine linatokana na fundisho lile lile la usawa: *majani ambayo waliyoyaleta*. Mwandishi ameweka vifungo viwili kwenye kazi ya kimoja. Kulitambua ni rahisi: ukiondoa *ambayo*, kishazi kinabaki kizima, *majani waliyoyaleta*. Ikiwa kinabaki kizima, basi kimoja kilikuwa cha ziada. Angalia kwamba -ya- inayofuata -yo- haina kosa. Hiyo ni yambwa, na mahali pake ni baada ya kirejeshi, kabla ya mzizi: wa-li-yo-ya-leta.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza: washairi hutanguliza kiima wapendapo. Ni kweli, lakini vina na mizani vinawapa ruhusa ambayo mwandishi wa barua ya madai hana. Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Sentensi kama (1) husikika kwa watu wanaokijua Kiswahili barabara, na lugha hubadilika kwa njia hiyo hiyo. Huenda siku moja zuio hili likalegea katika mazungumzo. Hata hivyo, kishazi kikirefuka, wasemaji hao hao hurudi kwenye amba-. Sentensi *majani wakulima wadogo wa vijiji vya juu waliyoleta jana* inamshinda karibu kila mtu, na msemaji mwenyewe huirekebisha akiwa katikati.

Wapo wanaolikwepa suala zima kwa kutendwa: *majani yaliyoletwa na wakulima*. Ni njia nzuri, kwa sababu nomino inakuwa kiima cha kitenzi na hakuna wa kuingia katikati. Nashuku kwamba wingi wa miundo ya kutendwa katika ripoti zetu unatokana kwa sehemu na woga huu, ingawa hilo linahitaji uchunguzi wake. Lakini kutendwa hakuwezi kubeba kila kishazi. Mtu akitaka kusema *mnunuzi ambaye wakulima walikwenda naye kwenye mizani*, *-enda* haina kutendwa kwa kumwokoa. Atachagua kati ya hilo na *mnunuzi waliyekwenda naye wakulima kwenye mizani*, na katika uamuzi huo mahali pa *wakulima* ndipo pa kutazamwa kwanza.