Ukaguzi wa hatua za fomula

Ukaguzi wa hatua za fomula ni kuipitia hesabu ya fizikia au uhandisi ili kubaini vizio visivyolingana, sehemu zilizodondoshwa na makadirio yasiyotajwa. Mlima Kenya unatoa mfano mzuri: kanieneo ya hewa kutoka usawa wa bahari hadi mji wa Nyeri, takribani mita 1,750, na kilele cha Batian, mita 5,199.

Fomula ya kawaida ni p = p₀e^(−h/H), ambapo H = RT/(Mg). Kwanza, vizio: H lazima iwe mita. Kwa halijoto ya kelvini 288 na M ya kilo 0.029 kwa moli, H ni karibu mita 8,400. Anayeandika 29, yaani gramu, atapata mita 8.4, na Nyeri ingekuwa haina hewa kabisa.

Wengine hufupisha kuwa p = p₀(1 − h/H). Sehemu ya kwanza iliyodondoshwa ni ½(h/H)². Kwa Nyeri ni 0.02 tu, kwa hiyo kosa halionekani; kwa Batian inafika 0.19. Huko ufupisho hutoa 0.38 ya p₀, ilhali fomula kamili hutoa 0.54. Ndiyo maana jaribio la mjini pekee halitoshi.

Hata hiyo 0.54 imeficha dhana kwamba halijoto haibadiliki, ilhali kileleni kuna barafu. Halijoto ikipungua nyuzi 6.5 kwa kila kilomita, jibu hushuka hadi 0.52.