Maji ya Msimbazi Ndani ya Chupa

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Ukipita Dar es Salaam, hupokea majitaka ya vyoo na viwanda, pamoja na taka za mitaani.

Jaribio: Chupa ya plastiki imekatwa kitako na kupinduliwa. Mdomoni pana kitambaa, kisha mkaa uliopondwa, mchanga laini, na kokoto juu kabisa. Maji ya mto yakimiminwa juu, kokoto huzuia majani, mchanga hunasa tope, mkaa hupunguza harufu. Maji ya kwanza hutoka meusi kwa vumbi la mkaa, hayo humwagwa.

Tahadhari: Hata maji yakitoka maangavu, vijidudu bado vimo. Kuyachemsha huviua, lakini hakuondoi sumu za viwandani. Usiyanywe.