Sababu ya safari, fedha na malazi katika fomu ya viza: maombi kutoka Busia na Tororo

Sababu ya safari, fedha na malazi ni maswali matatu ya fomu ya viza ambayo majibu yake hukaguliwa kwa kulinganishwa na hati alizoambatisha mwombaji. Makala hii inaeleza namna ya kuyajibu katika viza ya muda mfupi ya eneo la Schengen, hasa Ufaransa, kwa mkazi wa mpaka wa Uganda na Kenya.

Busia ni mji uliogawanywa na mpaka: upande mmoja ni Wilaya ya Busia nchini Uganda, upande wa pili ni Kaunti ya Busia nchini Kenya. Kituo chake cha pamoja cha forodha na uhamiaji kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018. Tororo iko kaskazini mwake, karibu na mpaka wa Malaba. Tangu 2014 raia wa Uganda na Kenya wameruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo mtu anaweza kulala Uganda, kuuza Kenya na kuweka fedha pande zote mbili bila kujaza fomu ya viza hata mara moja. Maisha hayo halali ndiyo huleta ugumu anapoomba viza ya Ulaya, maana afisa anayesoma fomu huona karatasi tu.

Mahali pa kuomba

Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya 2009, namba 810/2009, inataka ombi lishughulikiwe na ubalozi unaohudumia nchi ambako mwombaji anaishi kisheria. Mkazi wa Busia ya Uganda huomba kama mkazi wa Uganda hata kama duka lake liko Kenya. Anwani ya fomu, barua ya mwenyekiti wa LC1 na taarifa ya benki zinapaswa kumweka mahali pamoja. Leseni ya biashara iliyotolewa na Kaunti ya Busia haimharibii, mradi barua yake ya maelezo iseme wazi kwamba anaishi Uganda na kufanya biashara ng'ambo ya mpaka.

Maswali matatu

Katika fomu ya Schengen, sababu ya safari ni kipengele cha 23, na nafasi ya kuieleza zaidi ni kipengele cha 24. Kipengele cha 30 huuliza jina la mwenyeji au, asipokuwapo, jina la hoteli. Kipengele cha 32 huuliza nani analipa: mwombaji mwenyewe, mwenyeji wake, au wote wawili, na kwa njia gani.

Majibu haya hufuatana. Anayeweka alama kwenye kutembelea familia anatarajiwa kutaja ndugu katika kipengele cha 30 na kuonyesha hati ya undugu. Anayeweka alama kwenye utalii, kisha akaambatisha mwaliko wa binti yake bila hoteli yoyote, ametoa habari mbili zisizopatana. Watu huchagua utalii kwa kudhani ni jibu jepesi, lakini afisa atauliza kwa nini undugu umefichwa.

Malazi nayo hubadilisha kiasi cha fedha kinachotakiwa. Ufaransa imeweka yuro 120 kwa siku kwa mgeni asiye na hoteli, yuro 65 kwa aliye na hoteli, na yuro 32.25 kwa anayekaa kwa mwenyeji mwenye cheti cha kumpokea mgeni. Cheti hicho huombwa na mwenyeji katika ofisi ya meya wa anakoishi, na huonyesha muda wa ziara. Barua ya kawaida ya mwaliko, hata ikiwa na sahihi, haichukui nafasi yake.

Fedha za pande mbili za mpaka

Mfanyabiashara wa Busia huwa na shilingi za Uganda benki na shilingi za Kenya kwenye M-Pesa. Zote zaweza kuhesabiwa, ila kila taarifa lazima iwe na jina lililo kwenye pasipoti. Hapa ndipo maombi mengi ya mpakani yanapoweza kukwama: laini ya Kenya imesajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji au rafiki. Fedha ni za mwombaji, lakini kwa karatasi ni za mtu mwingine.

Jambo la pili ni mwendo wa fedha. Taarifa ya benki, kwa kawaida ya miezi mitatu, huonyesha jinsi salio lilivyofikiwa. Milioni nne zilizoingia kwa mkupuo siku chache kabla ya ombi huonekana kama mkopo wa kuonyesha tu. Ikiwa zimetokana na mahindi yaliyouzwa baada ya mavuno, au ni zamu ya mwombaji katika kikundi cha akiba, risiti ya mnunuzi au barua ya kikundi iambatishwe, yenye tarehe na kiasi kilekile kilicho kwenye taarifa.

Mfano

Tuseme mama muuza nafaka wa Busia ya Uganda anataka kumtembelea binti yake aliyejifungua Ufaransa, kwa siku 21. Binti ana cheti cha meya na amelipia tiketi. Mama atajilipia matumizi. Tukikadiria yuro moja kwa shilingi 4,200 za Uganda, na shilingi moja ya Kenya kwa 28 za Uganda, hesabu yake ni hii:

- Kinachotakiwa: 21 × 32.25 = yuro 677.25, yaani shilingi 2,844,450.
- Benki, kwa jina lake: shilingi 2,300,000.
- M-Pesa: shilingi 40,000 za Kenya, sawa na 1,120,000 za Uganda.

Jumla ni 3,420,000, na inaonekana kutosha. Lakini laini ya M-Pesa ni ya shemeji yake wa Tororo, hivyo zinabaki 2,300,000 na zimepungua. Kukopa ili kujaza pengo kungeharibu taarifa ya benki. Njia safi ni kufupisha ziara hadi siku 14: yuro 451.50, yaani shilingi 1,896,300, na bado anabaki na akiba ya zaidi ya laki nne.

Baada ya hapo tarehe zote hubadilishwa pamoja: za fomu, tiketi, barua ya maelezo na bima ya matibabu, ambayo lazima ifikie angalau yuro 30,000 na kufunika siku zote za ziara. Siku hizo 14 ziwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye cheti cha meya. Kipengele cha 23 kinasema kutembelea familia. Cha 30 kinamtaja binti. Cha 32 kina alama kwa mama, kwa matumizi yake, na kwa binti, kwa malazi na nauli. Hati ya kuzaliwa ya binti yenye jina la mama, kama lilivyo kwenye pasipoti, huunganisha yote.

Kukagua kabla ya kuwasilisha

Hati hukusanywa kwanza, fomu hujazwa mwisho kwa kuzinakili. Kisha mtu mwingine asiyeijua safari azisome hati bila fomu na aseme nani anasafiri, kwa nani, siku ngapi na kwa fedha za nani. Jibu lake likitofautiana na fomu, fomu au hati irekebishwe kwa ukweli.

Ombi likikataliwa, mwombaji hupewa fomu yenye sababu, zikiwamo madhumuni ya safari yasiyothibitishwa na uthibitisho mdogo wa fedha. Ana haki ya kukata rufaa, lakini ada ya viza, ambayo ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudishwi.