Mwenza akikutwa na VVU: Kidonge cha PrEP kinavyomkinga mwingine

Mmoja amepimwa na kukutwa na VVU, mwenzake hana. Aliyekutwa navyo huanza dawa za ARV mara moja, lakini dawa hizo hazishushi virusi kwa siku moja. Kwa kawaida huhesabiwa miezi 6 hivi kabla ya kuwa na uhakika kwamba virusi vimeshuka kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo. Vikishafika hapo, mtu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hatari iko kwenye hiyo miezi ya katikati, na hapo ndipo PrEP inapoingia.

PrEP ni kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa mbili: tenofovir pamoja na emtrisitabini au lamivudini. Virusi vikiingia kwenye seli nyeupe ya damu, lazima kwanza vinakili maumbile yao kabla ya kuzaliana. Dawa hizi hujifanya tofali la ujenzi. Kirusi kinalichukua, kinalipachika, kisha ujenzi unakwama papo hapo. Lakini dawa lazima iwe imeshajaa mwilini kabla virusi havijafika, ndiyo maana mtu humeza kila siku, na ndiyo maana siku 7 za mwanzo hazihesabiwi kuwa za kinga kamili. Kondomu zinahitajika.

Chukua mfano wa wanandoa wa Thika, Kenya. Jumatatu mke anapimwa kliniki ya wajawazito, anakutwa na VVU, anaanza dawa. Jumatano asubuhi mume anakwenda kupima, hana. Swali la kwanza la mhudumu si kuhusu PrEP. Anauliza: mara ya mwisho mlikutana lini? Jumapili usiku. Bado saa 72 hazijapita, kwa hiyo mume haanzi PrEP siku hiyo. Anapewa PEP, dawa za dharura za siku 28 ambazo huwa na nguvu zaidi. Zikiisha anapimwa tena, na akiwa bado hana VVU anaingia PrEP kesho yake bila kuruka siku.

Kama saa 72 zimeshapita, mhudumu huangalia jambo jingine. Maambukizi mapya kabisa yanaweza yasionekane kwenye kipimo cha haraka. Homa, koo kuuma, vipele au tezi kuvimba wiki chache baada ya kujamiiana ni sababu ya kusubiri na kurudia kipimo. Mtu ambaye tayari ana virusi akimeza PrEP peke yake, dawa mbili hazitoshi kumtibu, na virusi vinaweza kujifunza kuzikwepa.

Hupimwa pia figo, hasa kwa wenye umri mkubwa, kisukari au presha, kwa sababu tenofovir hutolewa mwilini na figo. Homa ya ini aina ya B nayo hupimwa, maana dawa hizi huidhibiti. Mwenye ugonjwa huo akiacha ghafla, ini linaweza kuchafuka. Kichefuchefu na kichwa kuuma hutokea kwa baadhi ya watu, na mara nyingi huisha baada ya wiki chache.

Mume hurudi baada ya mwezi 1, halafu kila miezi 3, na kila safari anapimwa VVU kabla ya kupewa vidonge vingine.

Njia hii ilijaribiwa Kenya na Uganda, katika vituo vya Kisumu, Thika, Kampala na Kabwohe, kwa wenza zaidi ya 1,000. Matokeo yaliyotolewa 2016 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa asilimia 96 ukilinganisha na yaliyotarajiwa. Wawili tu walikuwa wameambukizwa, na walipogundulika hawakuwa na tenofovir kwenye damu. Kwa maneno mengine, vidonge vilikuwa havimezwi.

Kosa jingine la nyumbani ni kugawana chupa moja. Mume anachota ARV za mke ili asionekane kliniki, za mke zinaisha kabla ya tarehe, virusi vyake vinapanda tena, na mume naye anameza bila kupimwa. Wote wawili wanabaki bila kinga.

Baada ya miezi 6 mke anapimwa wingi wa virusi. Visipoonekana, na akiwa anameza dawa bila kuruka, mume anaweza kuzungumza na mhudumu kuhusu kuacha PrEP. Bado vikionekana, anaendelea. Anaendelea pia kama ana mwenza mwingine asiyejua hali yake, jambo ambalo wengi hawalisemi mbele ya mke, kwa hiyo mhudumu mzuri humwuliza akiwa peke yake.

PrEP haizuii kaswende, kisonono wala mimba.